Usiku wa Jumamosi ni upi? Saa za pwani na saa ya tiketi

*Shikamoo mwalimu. Tiketi yangu ya ndege kutoka Dar iliandikwa 14JUN 00:45, siku ya Jumamosi. Nilifika uwanjani Jumamosi saa nne usiku nikaambiwa ndege imeondoka tangu usiku uliopita. Bibi yangu wa Tanga ananiambia kosa ni langu, kwa sababu usiku wa Jumamosi ni ule wa kuamkia Jumamosi, na kwamba sisi watu wa pwani tunahesabu saa tangu jua linapotoka. Kama ni hivyo, mbona siku hizo jua la Dar lilikuwa likitoka saa kumi na mbili na nusu, si saa kumi na mbili kamili? Na saa zetu na hizo za tiketi zinakutana wapi? Nimekata tiketi nyingine, ni 21JUN saa ileile.*

Marahaba mwanangu, na pole kwa hasara. Bibi yako kasema kweli kuhusu usiku. Kuhusu jua kasema nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayofumbua swali lako lote, kwa hiyo nitaanza na hiyo.

Mimi ni mtu wa Unguja. Babu yangu mzaa mama alikuwa na saa ya ukutani ya kutia funguo, yenye kioo cha kufungua mbele. Kila jioni alikaa barazani akisubiri adhana ya magharibi. Muadhini akianza, babu anaingia ndani, anafungua kioo, anausogeza mshale mrefu (yeye aliuita akrabu) mpaka mishale yote miwili isimame juu, penye kumi na mbili. Hapo anafunga kioo, anakwenda kutawadha. Siku nyingine mshale ulihitaji kusogezwa kidogo tu, siku nyingine haukuhitaji kuguswa, lakini hakuacha hata jioni moja kuutazama. Asubuhi jua likitoka hakuigusa saa hiyo kabisa. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu kwamba siku inaanza magharibi, asubuhi siku iko katikati, na kitu hakiwekwi sawa katikati.

Basi huo ndio msingi wa saa za pwani. Hesabu ya siku nzima ilifungwa kwenye jua kuchwa. Jua likizama ni saa thenashara, yaani kumi na mbili, na siku mpya imeshaingia. Saa moja ya usiku ni saa ya kwanza kutimia tangu jua lizame. Usiku unahesabiwa saa kumi na mbili, kunakucha, kisha mchana nao unahesabiwa kumi na mbili kuanzia pale. Kwa hiyo anayesema tunahesabu tangu jua linapotoka hakosei kwa upande wa mchana, maana saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana na saa sita ni jua la utosi. Ila penye kurekebishwa saa palikuwa jioni. Kutoka kwa jua asubuhi kulifuata tu, kwa kuwa huku kwetu usiku na mchana vinakaribia kulingana.

Neno "vinakaribia" lina kazi kubwa hapo. Dar iko karibu nyuzi saba kusini ya ikweta. Mchana mrefu kabisa wa Dar, ule wa Desemba, ni kama saa 12 na nusu, na ule mfupi kabisa, wa Juni, ni kama saa 11 na dakika 44. Tofauti haifiki saa moja kwa mwaka mzima. Kwa hiyo saa ya babu, ikiwekwa sawa magharibi, mwezi wa Juni ingeonyesha kumi na mbili na robo jua linapotoka, na mwezi wa Desemba ingeonyesha kumi na moja na nusu. Hata kwa hesabu ya zamani kabisa, basi, jua halikuahidiwa kutoka kwenye kumi na mbili kamili. Lilikuwa likicheza robo saa huku na nusu saa kule, na hakuna aliyeona tatizo, maana mtu akitaka kujua kama kumekucha alitazama nje. Ukiwa mbali na ikweta, ambako mchana wa kiangazi unaweza kuzidi ule wa majira ya baridi kwa saa nyingi, hesabu ya namna hii inakuwa mzigo. Watu wa Uturuki nao waliweka saa zao magharibi kwa muda mrefu, wakaacha rasmi mwaka 1926. Kwetu hesabu imedumu kwa sababu jua lenyewe halitupi taabu.

Kilichobadilika kwetu ni kwamba hakuna tena anayefungua kioo magharibi. Saa ya mkononi mwako na ya simu yako inafuata saa ya pamoja ya Tanzania, Kenya na Uganda, iliyo mbele ya ile ya Grinwichi kwa saa tatu kamili. Sisi tumeichukua hiyo, tukapunguza sita, tukaendelea kuiita kwa majina yetu. Saba ya asubuhi tukaiita saa moja, mbili ya mchana tukaiita saa nane. Majina ni ya jua, lakini mashine ni ya Grinwichi. Ndiyo maana jua la Dar halitoki saa kumi na mbili kamili.

Ngoja nikuonyeshe dakika zinapopotelea. Dunia inajizungusha nyuzi 15 kwa saa, yaani kila uzi mmoja ni dakika nne. Kuwa mbele ya Grinwichi kwa saa tatu maana yake ni kufuata jua la mahali palipo nyuzi 45 mashariki, karibu na Mogadishu. Dar iko kwenye nyuzi 39 na ushei kidogo. Pengo ni nyuzi tano na karibu robo tatu, zidisha kwa nne, unapata dakika 23. Kwa wastani, basi, jua linapofika utosini Dar saa yako inasoma 12:23, yaani saa sita na dakika 23 mchana. Unguja ni hivyohivyo, na Mombasa inapungua dakika kama mbili. Nenda Kigoma, karibu na nyuzi 30, pengo linakuwa zaidi ya saa nzima. Mwezi wa Julai mtu wa Kigoma anaweza kusema saa moja asubuhi na jua bado halijachomoza.

Nimetengeneza ratiba za nyakati za swala kwa msikiti wa mtaani kwetu miaka mingi, na kila mwaka kuna kijana anayekuja kuniuliza kwa nini adhuhuri haiingii saa sita kamili ilhali mchana ni saa sita. Jibu ni hizo dakika 23. Nazo hazikai palepale, kwa sababu jua haliendi kwa mwendo mmoja mwaka mzima. Katikati ya Februari linachelewa nyuma ya saa kwa dakika kama 14, na mwanzoni mwa Novemba linatangulia kwa dakika kama 16. Ukichanganya na dakika 23, jua la utosi la Dar linakuja karibu 12:37 mwezi wa Februari na karibu 12:07 mwezi wa Novemba. Ukitaka kuhakikisha, simika kijiti wima uani na utazame kivuli chake. Kinapofika ufupi wake wa mwisho na kuanza kurefuka tena, jua limepita kati, na adhuhuri imeingia. Halafu tazama simu inasemaje.

Kwa hiyo hiyo nusu saa uliyoiona mwezi wa Juni ni ya kweli. Tarehe 14 Juni jua la Dar linatoka karibu 6:31 na kuzama karibu 18:15. Ungelitazama katikati ya Novemba, ungekuta linatoka dakika kama tano kabla ya saa kumi na mbili. Na mwanzoni mwa Februari linazama karibu 18:48, watu wakiwa wanakaribia kusema saa moja ya usiku huku mwanga ungali uani. Hakuna siku hata moja katika mwaka ambayo jua la Dar linazama saa kumi na mbili kamili ya saa zetu hizi za leo. La mapema kabisa, la mwisho wa Mei, linapita kumi na mbili kwa dakika kama 13.

Sasa tuje kwenye kuzikutanisha. Tofauti ya majina ni sita kamili, haibadiliki na msimu wala mji, na dakika haziguswi. Njia iliyo rahisi kuliko kutoa na kujumlisha ni ya kutazama saa ya mishale. Mshale mfupi unaonyesha saa ya kimataifa, na nambari iliyo mkabala nao, upande wa pili wa duara, ndiyo saa yetu. Ukionyesha mbili, mkabala ni nane. Ukionyesha kumi, mkabala ni nne. Watoto wengi wa pwani wamejifunza hivyo kabla hawajajua kutoa. Kwa saa ya tarakimu 24, kama imezidi 12, ondoa 12 kwanza halafu vuka upande wa pili. Chukua 20:30. Ondoa 12, inabaki 8:30, mkabala wa nane ni mbili, kwa hiyo ni saa mbili na nusu usiku. Na 00:45 ni ileile 12:45 ya usiku. Mkabala wa kumi na mbili ni sita, kwa hiyo ni saa sita na dakika 45, au kama tunavyosema, saa saba kasorobo usiku.

Mpaka hapo hukukosea, naona. Ulijua ni saa saba kasorobo, ukawahi saa nne. Kilichokuponyoka ni siku.

Saa zetu na za tiketi zinakutana kwenye saa lakini hazikutani kwenye tarehe, kwa sababu kila hesabu inafungua siku mpya mahali pake. Ya kwanza ni ile ya babu na ya bibi yako, siku inafunguka jua likizama. Ya pili ni ya tiketi, siku inafunguka 00:00, ambayo kwetu ni saa sita usiku. Ya tatu haijaandikwa popote, lakini ndiyo tunayoitumia sote mdomoni mijini leo: siku inafunguka kukicha. Mtu aliye macho saa tisa usiku akisema "kesho asubuhi nitakwenda sokoni", anasema asubuhi ya saa tatu au nne zijazo, ingawa kwa simu yake hiyo kesho imeshakuwa leo. Hakosei. Kwake siku haijageuka mpaka jogoo awike na kupambazuke.

Ipitishe tiketi yako ya kwanza katika hesabu hizo tatu uone. Ijumaa tarehe 13 Juni, saa kumi na mbili na robo jioni, jua linazama Dar. Kwa bibi yako, tangu dakika hiyo ni Jumamosi, na usiku unaoingia ni usiku wa Jumamosi. Tiketi bado inasema Ijumaa, na mpita njia wa Kariakoo bado anasema Ijumaa. Inafika saa sita usiku. Tiketi inageuka, sasa ni Jumamosi tarehe 14, hivyo tiketi na bibi yako wamekubaliana. Mpita njia bado anasema ni Ijumaa usiku. Dakika 45 baadaye ndege inaruka. Kunakucha, na sasa wote watatu wanasema Jumamosi. Wewe ulifika saa nne usiku unaofuata, ambayo kwa tiketi ni 22:00 ya tarehe 14. Ndege ilikuwa imeshaondoka saa 21 na robo kabla yako. Na kwa bibi yako wakati huo Jumamosi ilikuwa imekwisha tangu magharibi, mlikuwa ndani ya usiku wa Jumapili.

Utaona kwamba katika dakika ile ya kuruka ndege, waliokubaliana ni bibi na tiketi. Aliyetofautiana nao ni lugha ya mtaani. Nimewasikia vijana wengi wakisema wazee wa pwani ndio wanaochanganya siku, na linaniuma, kwa sababu kuanzia saa sita usiku mpaka kunakucha hesabu ya wazee inalingana na tarehe ya kimataifa kuliko ya hao vijana. Wazee wanatofautiana nayo kwa zile saa sita za kwanza za usiku tu, kutoka magharibi mpaka saa sita.

Ushahidi kwamba usiku unatangulia mchana wake unao mwenyewe, unauishi kila mwaka. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, tarawehe inaswaliwa usiku uleule, kabla hujafunga hata siku moja. Usiku huo ni wa Ramadhani tayari, na saumu ya kwanza ni ya mchana unaofuata. Na wazee wakisema wanasoma Yasini usiku wa Ijumaa, wanakutana Alhamisi baada ya magharibi. Ukienda Ijumaa jioni utakuta mlango umefungwa.

Lugha yenyewe imeweka alama ya kutenganisha, ila tumeacha kuisikia. "Usiku wa Jumamosi", kwa wazee wa pwani, ni ule unaotangulia mchana wa Jumamosi. "Jumamosi usiku" ni ule unaoufuata mchana huo. Maneno ni yaleyale, mpangilio tofauti, na kati yake kuna siku nzima. Siku hizi mtu wa Mwanza au wa Nairobi anatumia yote mawili kwa maana moja, na hata Dar ni hivyo, kwa hiyo siwezi kukwambia utegemee mpangilio huo. Kinachofaa ni kile wanachotumia waandishi wa habari: "usiku wa kuamkia Jumamosi". Hakina maana mbili kwa mtu yeyote, wa Lamu wala wa Mbeya. Ukitaka kukaza zaidi sema "Ijumaa usiku kuamkia Jumamosi".

Kuna jambo jingine ambalo hukuniuliza, lakini linawakamata watu wengi kuliko tiketi za ndege, nalo ni saa iliyoandikwa kwa tarakimu katika kadi au ujumbe. Mtu anakuandikia "saa 2:00". Hujui kama kaandika saa mbili ya Kiswahili au mbili ya kimataifa. Mchana kuna njia ya kumtambua, maana neno la kipindi linamfichua. Kwa Kiswahili asubuhi ni kumi na mbili mpaka tano, mchana ni sita mpaka tisa, jioni ni kumi mpaka kumi na mbili. Kwa hiyo ukiona "saa 10:00 asubuhi", aliyeandika amefuata saa ya kimataifa, kwa sababu saa kumi yetu haiwi asubuhi kamwe. Anakutaka saa nne. "Saa 3:00 mchana" vilevile, ni saa tisa. Na "saa 8:00 mchana" lazima iwe ya Kiswahili, kwa kuwa nane ya kimataifa haiwi mchana. Katika mwanga wa jua karibu kila kosa linajionyesha.

Usiku halijionyeshi. "Saa 2:00 usiku" kwa Kiswahili ni 20:00, watu wanakula chakula cha usiku, na kwa kimataifa ni 02:00, watu wamelala. Zote mbili ni usiku, neno la kipindi halisaidii chochote. Ukihesabu utakuta nambari zenye mtego huu ni sita: moja, mbili, tatu, saba, nane na tisa. "Saa 4:00 usiku" haina shida sana, maana nne ya kimataifa tungeiita alfajiri, na "saa 11:00 usiku" unajua ni ya kimataifa, kwa kuwa kumi na moja yetu ni ya alfajiri au ya jioni. Lakini zile sita, ukiziona usiku, usikisie. Piga simu umuulize mhusika anamaanisha kabla ya saa sita au baada ya saa sita. Swali hilo moja linatosha, kwa sababu kila nambari katika hizo sita ina upande mmoja kabla ya saa sita usiku na upande mmoja baada yake. Nimewahi kukodi gari ya kumpeleka mgonjwa "saa 9 usiku", nikimaanisha saa tisa yetu, kabla ya alfajiri. Dereva akaja saa tatu usiku, akagonga, akakuta nyumba haijajiandaa. Yeye alisoma tarakimu, mimi nilisema neno.

Ndiyo maana ukiandika mwenyewe, neno kwa herufi ni salama zaidi kuliko tarakimu. "Saa tisa usiku" iliyoandikwa kwa herufi karibu kila msomaji wa Kiswahili ataisoma Kiswahili. Tarakimu waachie saa 24, na ziwe na nambari mbili kila upande, 03:00 au 21:00. Ukipanga kengele ya simu, ipange kwa saa 24, na kabla ya kuizima skrini soma simu imeandika kwamba kengele italia baada ya saa ngapi. Ukiona inasema baada ya saa 15 wakati unataka kulala kwa muda wa saa tatu tu, umevuka upande usio wako.

Sasa tiketi yako mpya. `21JUN 00:45` ni Jumamosi, tarehe 21. Usitazame Jumamosi kabisa, tazama Ijumaa tarehe 20. Siku hiyo jua la Dar litazama saa kumi na mbili na dakika kama 16 jioni. Mizigo iwe imeshafungwa kabla ya hapo. Ukishaswali magharibi, mwambie bibi kwa simu kwamba unaondoka usiku huu wa Jumamosi, naye ataelewa papo hapo bila kuuliza. Dereva wa teksi usimwambie hivyo. Mwambie "leo Ijumaa, saa mbili na nusu usiku, unifuate nyumbani". Na ikifika saa tatu hujamwona, mpigie, maana kwake ikifika saa sita bado ni Ijumaa usiku, na kwa ndege ni Jumamosi tayari.